Diski ya 115 kwa mashini ya 11 000: akselerasyo ya pembeni ni ngapi?

"Jambo yaya mwalimu. Niko sita ya mekanike hapa Goma, na nyuma ya masomo ninasaidiaka tonto kwa atelye. Diski yetu ya kukatia chuma ni ya 115, na kwa mashini banaandika 11000 tr/min. Nilitafuta akselerasyo santripete ya pointi ya pembeni nikapata 6 957 500, rafiki yangu yeye akapata 1 933. Nani iko sawa? Na kwa nini tonto anakataza tuweke diski ya 230 kwa ile mashini kidogo na inaingia muzuri tu?"

Jambo mudogo. Nyinyi wote babili mulikosea, jibu ni karibu 76 300 m/s². Lakini makosa yenu inanifurahisha juu kila moja iliacha alama yake. Gawanya jibu yako na jibu ya kweli, unapata 91,2. Gawanya jibu ya kweli na ile ya rafiki yako, unapata 39,5. Hizo namba mbili hazikutoka bure, na mutu mwenye anazijua anaweza kukuambia fasi gani ulianguka hata bila kuona kayee yako. Nitazirudilia mbele kidogo, kwanza tutengeneze hesabu yenyewe.

Ile 11000 tr/min inasema mara ngapi diski inazunguka mu dakika moja kama haikati kitu, ni hiyo tu. Lakini formile a = ω² × r inaomba ω, ni kusema mbio ya kuzunguka, iwe mu radiani kwa sekonde. Wewe uliweka 11 000 vile iko, ukaizidisha na yenyewe, kisha mara r, ni kusema radius ya diski mu metre, 0,0575. Rafiki yako alifikiri kidogo zaidi, akagawanya na 60 akapata mizunguko 183,3 kwa sekonde, na pale akaona kazi imeisha. Alitoa dakika akaweka sekonde, hiyo ni vizuri, lakini alisahau kutoa muzunguko kuweka radiani.

Sasa kwa nini paka radiani? Hapa banafunzi bengi banakariri tu, na ni kitu mutu anaweza kushika na mikono. Kamata diski mupya ya 115, na umeme ukiwa umetoka kabisa. Kata uzi yenye urefu wa 5,75 cm, ni kusema kutoka katikati kabisa mpaka pembeni. Ile uzi uilaze juu ya mukingo wa diski, ifuate ule muviringo. Tia alama mwanzo na mwisho, kisha chora mistari miwili kutoka zile alama kuja katikati: ile pembe yenye inafunguka pale katikati njo radiani moja. Haiko kitu ingine. Endelea kulaza uzi mbele mbele mpaka urudie fasi ulianzia, utaona inaingia mara 6 na kunabakia kipande kidogo, kama robo na kidogo ya uzi. Ile 6,28 njo 2π. Ukikamata diski ya 230 na uzi ya 11,5 cm utapata tena 6 na ile ile robo na kidogo.

Unaona faida yake? Kama pembe iko mu radiani, njia yenye pointi ya pembeni imetembea ni r mara ile pembe, bila kuongeza kitu. Ikiwa mu mizunguko, au mu digrii, hiyo haiko kweli tena. Ile formile a = ω² × r ilijengwa juu ya huo ukweli, kwa hiyo ukiiwekea mizunguko inakubali kuhesabu lakini inakupa kitu chenye hakipo.

Basi kubadilisha: muzunguko moja ni radiani 2π, dakika moja ni sekonde 60, kwa hiyo unazidisha na 2π/60, ni kusema π/30, na hiyo ni 0,10472. 11 000 mara 0,10472 inakupa ω = 1 151,9 radiani kwa sekonde.

Sasa nataka ukae kidogo hapa, juu njo moyo ya swali lako: kwa nini ω inaingia mara mbili? Fikiri mushale yenye inatoka katikati ya diski inafika kwa ile pointi ya pembeni. Urefu yake ni r. Diski ikizunguka, kichwa ya mushale inatembea juu ya duara, na mwendo wa ile kichwa ni ω × r, tunaiita v. Sasa chora mushale ingine, ile ya mwendo wenyewe, yenye inaonyesha pointi inaelekea wapi. Urefu yake ni v, na haibadilike. Lakini upande yenye inaangalia inabadilika kila wakati: pointi ikiwa juu mushale inaangalia kulia, robo ya muzunguko nyuma yake inaangalia chini, kisha kushoto, kisha juu. Ile mushale ya mwendo nayo iko inazunguka, na inazunguka mbio sawasawa na diski, na ω ile ile. Kwa hiyo kichwa yake nayo inatembea juu ya duara, duara yenye radius v, na inatembea na ω × v. Akselerasyo njo hiyo, juu akselerasyo ni vile mushale ya mwendo inabadilika mu sekonde moja. Uweke ω × r fasi ya v, unapata ω × ω × r. Muzunguko wa kwanza ni wa pointi, muzunguko wa pili ni wa mwendo wake, na zote mbili zinaomba radiani. Kwa hiyo ile π/30 paka iingie mara mbili. Mutu mwenye ameelewa ile mishale mibili hawezi tena kusahau kuweka karee.

Tumalize hesabu: 1 151,9 mara yenyewe ni karibu 1 326 900. Mara 0,0575 m inatoa 76 300 m/s², kidogo ya juu au ya chini kufuatana na vile ulikata namba. Na tafazali ile 115 ni diametre mu milimetre, kwanza ugawanye na 2, kisha uiweke mu metre, 0,0575. Mutu akiweka diametre anapata mara mbili kabisa ya jibu, nayo ni alama yenye inajulikana mbio.

Sasa turudilie zile alama. Yako, 91,2, ni 60/2π, ni kusema 9,549, mara yenyewe. Hukubadilisha kitu, na kwa sababu ω iko na karee kosa nayo ilipata karee. Ya rafiki yako, 39,5, ni 2π mara 2π. Kuko kosa ya tatu yenye ninaonaka sana kwa kayee za banafunzi: mutu anajua π/30, lakini anafanya 11 000 karee kwanza, anazidisha na 0,0575, kisha mwishoni anakumbuka π/30 na anaiweka mara moja tu. Yeye anapata karibu 728 600, na hiyo ni kubwa mara 9,55. Kwa hiyo ukiona 91 ujue hakubadilisha, ukiona 39,5 alisahau 2π, ukiona 9,55 alibadilisha nje ya karee.

Na telefone nayo inadanganya kama hauiandikie vizuri. Hivi njo sawa:

```
(11000*pi/30)^2*0.0575
```

Ukitoa zile parantezi, ile karee inakamata 30 peke yake, na utapata 2,2 tu. Diski yenye inalia vile haiwezi kuwa na akselerasyo kidogo kuliko jiwe yenye unaachilia ianguke chini, kwa hiyo hata bila kujua kosa iko wapi unaona kama hiyo jibu haiwezekane.

Kuko tena kosa ya kukata namba mbio sana. Mutu anasema 0,10472 ni kama 0,1 basi, anapata ω = 1 100, anafika kwa 69 575. Aliacha asilimia 4,5 kwa ω na amepoteza karibu asilimia 9 kwa jibu, juu karee inazidisha kosa karibu mara mbili. Acha namba zote ndani ya telefone, ukate mwishoni.

Mimi kila mara ninahakikishaka na njia ingine yenye haipite kwa ω kabisa. Mukingo wa diski ni 2π mara 0,0575, ni 0,3613 m. Kila sekonde ile pointi inafanya huo mukingo mara 183,3, kwa hiyo mwendo ni 66,2 m/s. Kisha v karee gawanya na r: 66,24 mara 66,24 ni karibu 4 388, gawanya na 0,0575, tunarudi kwa 76 300. Hapa mizunguko kwa sekonde ya rafiki yako ilitumika vizuri, juu 2π iliingia kupitia mukingo. Njia mbili zikikutana unaweza kulala.

Sasa 76 300 inasema nini kwa atelye? Kamata gramu moja tu ya ile diski pale pembeni. Kuishikilia ifuate duara kunaomba nguvu ya 0,001 × 76 300, ni nyutoni 76. Hiyo ni sawa na kubeba karibu kilo 8 za maharagwe. Gramu moja! Na mwenye anaivuta kuja katikati ni ile gundi yenye inashikanisha mbegu za kukatia, pamoja na ile wavu ya nyuzi za kioo yenye unaonaka ukipasua diski ya zamani. Kama diski ilianguka chini ikapata ufa kidogo, au ililowana, ile gundi na wavu hazina tena nguvu yenye zilikuwa nayo, lakini nyutoni 76 kwa kila gramu zinaombwa vilevile.

Na kipande ikiachana inaenda wapi? Batu bengi banafikiri inatoka moja kwa moja kutoka katikati kuenda nje. Hapana. Ile nguvu ya kuvuta ikikatika, kipande inaendelea na mushale ya mwendo vile ilikuwa ile dakika, ni kusema inapita pembeni ya duara kama mustari wenye unagusa mukingo, na 66,2 m/s, karibu kilometre 238 kwa saa. Inabakia kwa ubapa wa diski. Niliona diski moja ikipasuka kwa atelye yenye nilikuwa ninajifunzia kazi, mwenye kukata alikuwa amesimama kando na hakupata kitu, lakini kipande iliingia ndani ya ukuta ya mbao, urefu wa kifua, sawasawa kwa mustari wa diski. Tangu siku ile sisimamake mbele ya ubapa wa diski, hata kama niko naonyesha tu.

Basi tufike kwa tonto yako, naye iko na haki kabisa. Diski ya 230 inaingia juu tundu ya katikati ni ya 22,23 mm kwa ya 115 na kwa ya 230, sawasawa. Chenye kinaikataza ni ile kofia ya kukinga, njo maana bale benye banaiweka banatoa kofia kwanza. Soma kwa diski ya 230: utaona mizunguko ya mwisho yenye inakubali, mara mingi 6 600 au kidogo zaidi, na pembeni yake 80 m/s. Tuhesabu na r = 0,115. Kwa 6 600, ω ni 691,2, mwendo wa pembeni ni 79,5 m/s, akselerasyo ni karibu 54 900 m/s². Kwa 11 000 ya mashini yenu, ω ni ile ile 1 151,9, lakini mwendo unakuwa 132,5 m/s, ni kilometre 477 kwa saa, na akselerasyo 152 600. Ni mara 2,78 ya chenye diski ilifanyiwa. Ile 2,78 unaipata hata bila telefone kubwa: 11 000 gawanya na 6 600 ni 1,667, karee yake ni 2,78.

Lakini angalia vizuri, hapa kuko kitu yenye inaweza kukuchanganya. Diski yenu ya 115 kwa 11 000 iko na 76 300, ni zaidi ya 54 900 yenye ni mupaka wa ile kubwa, na haina shida. Kwa nini? Juu kupasuka hakufuate akselerasyo ya pembeni peke yake. Ndani ya diski kila kipande inavuta chenye kiko karibu yake, na diski kubwa iko na vitu mingi zaidi kutoka pembeni mpaka katikati vyenye vinavutana. Ukijumlisha yote, mukazo ndani ya diski unafuata ω karee mara r karee, ni kusema v karee. Njo maana fabrike zinaandika 80 m/s kwa diski ndogo na kwa kubwa. Ile ya 115 inafika 80 m/s kwa 13 300, na pale akselerasyo yake ni karibu 111 500, mara mbili ya ile kubwa, na zote mbili ziko kwa mupaka ule ule. Kwa hiyo mutu akikuuliza diski gani itapasuka, usilinganishe akselerasyo za diski mbili zenye hazina ukubwa moja, linganisha mwendo wa pembeni. Akselerasyo inakuambia gramu moja inavutwa na nguvu gani. Kwa diski moja ile ile, hapo sawa, zote zinapanda pamoja na karee.

Hiyo inajibu tena swali yenye banafunzi banapendaka kubishana: r ikipunguka akselerasyo inapanda ao inashuka? Inategemea nini haibadilike. Diski yenu ikiisha ikabakia na 80 mm, mashini bado ni 11 000, ω haibadilike, basi a inashuka pamoja na r: 1 326 900 mara 0,04 ni karibu 53 100. Lakini ukilinganisha diski mbili zenye mwendo wa pembeni ni moja, ile ndogo njo iko na a kubwa, vile tumeona sasa hivi. a = ω²r na a = v²/r hazibishane, zinasema kitu moja.

Mupaka wa hesabu yetu ni huu. 11 000 ni ya mashini ikizunguka bure. Ukiisukuma ndani ya chuma inashuka, na umeme ukiwa dhaifu nayo inashuka, juu moteri ya zile mashini za karboni inafuata nguvu ya umeme. Ikishuka mpaka 8 000, akselerasyo haiko tena 76 300, iko karibu 40 400, ni karibu nusu. Kwa kuchagua diski usitegemee hiyo, juu ukiinua mukono mashini inarudi kwa 11 000 mbio mbio. Na wakati inapanda kutoka sifuri kuko akselerasyo ingine yenye inafuata mukingo. Ikichukua sekonde moja kufika, ni 66 m/s² tu, kando ya 76 300 haionekane.

Kwa ile ya 230 mutafute mashini yenye kwa bamba yake namba haipite ile ya diski, ikuwe na kofia yake, na tonto akukamatie diski mupya mkononi akuonyeshe fasi zile namba mbili ziko zimeandikwa. Rafiki yako umupe zoezi hii: diski ya 125, mashini ya 11 000. Akikuletea 2 101 utajua amesahau tena 2π. Jibu ni karibu 82 900.